Nyumba Mbovu ya Mji Mkongwe: Anza Hesabu Kutoka Mwisho

Ndugu msomaji, pengine wewe na ndugu zako mmeuza shamba la urithi. Au mmeweka akiba kidogo kidogo, kwa mwani, kwa samaki au kwa mshahara. Sasa anakuja dalali. Anasema, "Ipo nyumba Mji Mkongwe. Ni mbovu kidogo, lakini ni rahisi. Mkiitengeneza mtaiuza kwa bei kubwa." Je, mkubali?

Wako watu waliofanya kazi hiyo wakapata faida. Wako pia waliopoteza akiba yao yote. Tofauti yao mara nyingi haikuwa bahati. Ilikuwa ni hesabu iliyofanywa, au ambayo haikufanywa, kabla ya kununua.

Katika makala hii tutaifuata nyumba moja tangu siku ya kwanza. Nyumba hiyo na watu wake ni mfano tu, na bei zake ni za mfano. Lakini mambo yaliyomo ndiyo yanayotokea katika vichochoro vya Mkunazini, Kiponda, Malindi na Kokoni.

KWA NINI NYUMBA HIZI NI MBOVU?

Mji Mkongwe una nyumba kiasi cha 1,700. Nyingi zilijengwa katika karne ya 19. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali. Wenyewe wengine walikuwa wameondoka. Familia nyingi ziliingizwa katika nyumba moja, na kodi ilikuwa ndogo. Fedha za kutengeneza paa hazikuwapo. Mvua ikaingia mwaka hadi mwaka, na nyumba zikaanza kuanguka.

Mwaka 1985 serikali iliunda chombo cha kusimamia mji huo. Leo chombo hicho kinaitwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Serikali pia iliwauzia watu binafsi baadhi ya nyumba zake, kwa sharti kwamba wazitengeneze. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tangu hapo wageni wameongezeka, hoteli zimeongezeka, na bei za nyumba zimepanda. Ndiyo maana madalali nao wameongezeka.

NDUGU WATATU NA NYUMBA YA MKUNAZINI

Tuchukue ndugu watatu wa kusini Unguja. Dada mkubwa analima mwani. Kaka ni dereva. Mdogo wao ni mwalimu. Wanaonyeshwa nyumba ya ghorofa moja katika kichochoro cha Mkunazini. Chini ina vyumba viwili, na juu vyumba viwili. Mwenyewe anataka shilingi milioni 110.

Walimwita fundi kijana wa rangi. Alizunguka nusu saa, mchana wa jua. Akasema, "Matengenezo ni milioni 40." Dalali naye akasema, "Nyumba kama hii ikiisha inauzwa milioni 260."

Basi wakafanya hesabu. Kutoka milioni 260 waliondoa 110 za kununua na 40 za kutengeneza. Zikabaki milioni 110. Wakafurahi sana. Kaka alitaka kulipa arubuni siku hiyo hiyo.

Mwalimu akasema, "Ngojeni. Hizi tarakimu zote tumepewa na watu wengine. Hatujapima hata moja sisi wenyewe."

Alisema kweli. Walikuwa na tarakimu tatu: bei ya kununua, gharama ya kutengeneza na bei ya kuuza. Tuzitazame, lakini tuanze na ile ya mwisho.

BEI YA KUUZA

Bei ya kuuza haijulikani kwa kumwuliza anayetaka kukuuzia. Tena, bei inayotajwa si bei inayolipwa. Nyumba inaweza kutajwa milioni 300 kwa miaka miwili, na hakuna aliyenunua. Bei ya nyumba hiyo haikufundishi kitu, ila kwamba milioni 300 ni nyingi mno.

Tafuta nyumba tatu ambazo kweli zimeuzwa katika mwaka uliopita au miaka miwili iliyopita. Ziwe karibu na ile unayoitaka, na ziwe na ukubwa unaokaribiana. Uliza zaidi ya dalali mmoja. Uliza jirani. Mwulize mtu aliyenunua, kwani mnunuzi hana sababu ya kukupandishia bei. Sheha wa shehia huwajua wenyeji na wageni wa mtaa wake. Anaweza kukuelekeza kwa watu hao.

Dada mkubwa alifanya kazi hiyo kwa majuma matatu. Aliipata nyumba ya kwanza. Ilikuwa imetengenezwa vizuri, nayo iliuzwa milioni 240. Lakini ilikuwa kwenye njia pana, na gari lilifika karibu. Ya pili ilikuwa ndani ya kichochoro kama ile yao. Iliuzwa milioni 195. Ya tatu ilikuwa kubwa kidogo kuliko yao, nayo iliuzwa milioni 210 baada ya kungoja miezi minane.

Nyumba yao ilikuwa kichochoroni. Kwa hiyo hawakuweza kuifananisha na ile ya milioni 240. Waliandika milioni 200. Kwa majuma matatu ya kuuliza, milioni 60 za dalali ziliyeyuka.

NENDA WAKATI WA MVUA

Sasa tuje kwenye matengenezo. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu ubovu wa nyumba ya mawe umejificha.

Kwanza uelewe jinsi nyumba hizi zilivyojengwa. Kuta ni nene, karibu nusu meta au zaidi. Ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo. Juu ya kuta zimelazwa boriti za mikoko, zikipangwa karibu karibu. Boriti hizo si ndefu, na ndiyo maana vyumba vya zamani ni vyembamba, upana kiasi cha meta 3. Juu ya boriti huwekwa mawe. Juu ya mawe humwagwa zege ya chokaa na kupigiliwa mpaka ishikamane. Hiyo ndiyo dari ya chini na sakafu ya juu.

Sasa angalia maji yanavyofanya kazi. Bati la paa linatoboka, au mfereji wa paa unaziba. Maji yanaingia katika kichwa cha ukuta. Yanashuka ndani yake mpaka kwenye ncha za boriti. Ncha hizo zimefichwa ukutani, hazipati hewa, kwa hiyo zinaoza. Katikati boriti inaonekana nzima na nyeusi na nzuri. Lakini ncha yake imekuwa kama unga. Boriti hizo zilikuwa zinazifunga kuta mbili zisiachane. Ncha zikioza, ukuta unaachiliwa. Unaanza kutoka nje kama tumbo. Siku moja ya masika unaanguka.

Kwa hiyo usiitazame nyumba mchana wa jua tu. Nenda mvua inaponyesha. Utaona maji yanapita wapi.

Ndugu wale watatu walimtafuta mzee mmoja, fundi mwashi wa zamani. Walimkuta barazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mnataka nini?"

"Tunataka kununua nyumba. Tunaomba uje ututazamie. Ujira wako tutakupa, hata tusiponunua."

Mzee alipenda neno hilo la mwisho. Fundi anayetegemea kupewa kazi anaweza kuuficha ubovu ili mnunue upesi. Fundi anayelipwa kwa kutazama tu hana haja ya kuficha.

Mzee alikuja siku ya mvua. Alileta vitu vinne: tochi, msumari mrefu, timazi na jasi kidogo.

Kwa tochi na msumari alichunguza boriti, moja moja. Hakuchoma katikati. Alichoma karibu na ukuta, pale boriti inapoingia. Mti mzima hukataa msumari. Mti uliooza huupokea. Katika chumba kimoja cha juu, boriti 9 kati ya 14 ziliupokea msumari kwa urefu wa kidole. Fundi wa rangi hakuwa ameigusa hata moja.

Kisha alikwenda juu dirishani na kuteremsha timazi nje ya ukuta. Uzi ulining'inia wima. Katikati ya ukuta, tumbo lilikuwa limeusukuma uzi. Hapo akatikisa kichwa.

Palikuwa pia na ufa kwenye pembe. Ufa wa zamani uliotulia si hatari kubwa. Ufa unaoendelea kufunguka ni hatari. Utajuaje? Mzee alipaka jasi juu ya ufa mahali pawili, pana kama kiganja, akaandika tarehe. Alisema, "Tutarudi baada ya mwezi. Jasi ikipasuka, ukuta unatembea." Baada ya mwezi jasi moja ilikuwa imepasuka.

Mwisho aligonga lipu ya ukuta wa chini kwa mkono. Ilitoa sauti ya kitu kitupu. Aliikwangua kwa msumari, ikawa ngumu na ya kijivu. "Hii ni saruji," alisema. "Mtu alitaka kuficha unyevu."

TATIZO LA SARUJI

Hapa tukae kidogo, kwa sababu kosa hili limeharibu nyumba nyingi.

Ukuta wa matumbawe hunywa maji kutoka ardhini na kutoka kwa mvua. Ukipakwa chokaa, maji hutoka tena polepole kupitia chokaa, na ukuta hukauka. Ukipakwa saruji, mlango huo umefungwa. Maji yanabaki ndani. Chumvi ya matumbawe na ya upepo wa bahari inasukuma lipu kutoka nyuma. Baada ya miaka michache saruji inabanduka kama ganda, tena inabanduka na mawe ya ukuta. Huku nyuma boriti zimekwisha kuoza.

Kwa siku ya kuuza, saruji inapendeza. Nyumba inaonekana mpya. Ndiyo maana ukiona nyumba ya zamani imepakwa saruji na rangi mpya upesi upesi, jiulize nini kimefichwa chini.

Vivyo hivyo sakafu ya zege ya saruji na nondo. Ni nzito na ngumu. Ukuta wa zamani wa mawe na chokaa haukujengwa kubeba mzigo wa namna hiyo.

Basi lipu iwe ya chokaa. Chokaa iliyochomwa huzimwa kwa maji, kisha huwekwa shimoni au katika pipa ikiwa imefunikwa na maji. Ikikaa miezi ndiyo nzuri zaidi. Changanya kiasi cha debe 1 la chokaa kwa madebe 3 ya mchanga. Mchanga wa pwani una chumvi. Usiutumie bila kuuosha kwa maji matamu. Paka tabaka nyembamba, ngoja ikamate, kisha paka ya pili. Iwekewe unyevu siku za mwanzo, isikaushwe na jua kwa haraka, la sivyo itapasuka. Chokaa hukaza polepole kwa hewa. Haina haraka, nawe usiwe na haraka.

HESABU YA PILI

Baada ya mzee kumaliza, waliandika upya gharama za kutengeneza. Paa, yaani bati, mbao na mifereji: milioni 14. Boriti na sakafu za juu: milioni 16. Kunyoosha ukuta na lipu ya chokaa: milioni 12. Milango na madirisha: milioni 7. Umeme, maji na choo: milioni 9. Michoro, maombi ya kibali na kuondoa kifusi: milioni 4. Jumla milioni 62.

Mzee akasema, "Sasa ongezeni ya yale nisiyoyaona." Katika nyumba mpya mtu huongeza kidogo tu. Katika nyumba ya mawe iliyonyeshewa miaka mingi, ni busara kuongeza kiasi cha shilingi 30 kwa kila shilingi 100. Waliongeza milioni 18. Ikawa milioni 80. Fundi wa rangi alisema 40.

Bado kuna gharama ambazo watu husahau. Dalali atataka chake siku ya kuuza. Mwanasheria atalipwa. Kuna ada na kodi za serikali za kuhamisha haki. Kuna mlinzi wa usiku, maana boriti mpya na nyaya huibwa. Waliziandikia milioni 15.

Sasa angalia. Bei ya kuuza ni milioni 200. Toa 80, toa 15. Zinabaki milioni 105. Wakinunua kwa 110 kama mwenyewe anavyotaka, watapata hasara ya milioni 5 na kazi ya bure ya mwaka mzima.

Ndiyo sababu tunasema anza hesabu kutoka mwisho. Bei ya kununua haipangwi kwa maneno ya mwenye nyumba. Inatokana na bei ya kuuza, ukitoa gharama zote, ukitoa na faida ambayo bila hiyo huna haja ya kujisumbua. Ndugu hawa walitaka faida ya milioni 20. Kutoka 105, zinabaki milioni 85. Hiyo ndiyo bei yao.

NANI MWENYE NYUMBA?

Kabla ya kumrudia mwenye nyumba kwa bei, walikuwa na swali moja. Je, huyu anayeuza ana haki ya kuuza?

Zanzibar ardhi ni mali ya serikali. Unachonunua ni jengo pamoja na haki ya kutumia ardhi ile. Kuhamisha haki hiyo kuna kibali chake, kupitia Bodi ya Uhaulishaji Ardhi. Karatasi iliyoandikwa kwa mkono mbele ya mashahidi wawili haitoshi.

Katika Mji Mkongwe kuna hatari mbili kubwa. Ya kwanza ni wakfu. Nyumba nyingi ziliwekwa wakfu na wenyewe, ili kodi yake isaidie msikiti, jamaa au maskini. Nyumba ya wakfu haiuzwi. Mpangaji aliyekaa humo miaka 40 anaweza kuonekana kama mwenyewe, lakini si mwenyewe. Nenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ukaulize kabla ya kutoa hata shilingi.

Ya pili ni urithi. Baba alikufa, na mtoto mmoja ndiye anayekaa katika nyumba. Anauza. Lakini mjane ana fungu lake, na dada zake wana mafungu yao. Wengine wako Muskat, Dubai au Uingereza. Kila mrithi lazima akubali kwa maandishi, au ampe mtu uwakili halali. Mrithi mmoja asiyetia saini anaweza kuja baada ya wewe kumaliza paa na milango, akakushitaki.

Nyumba ya mfano wetu ilikuwa ya warithi watano. Wanne walikuwa Unguja. Mmoja alikuwa Omani. Ilichukua miezi miwili kupata uwakili wake. Kaka alikasirika na kusema wanacheleweshwa. Lakini arubuni haikutolewa mpaka karatasi ilipofika.

MWAKA MMOJA WA KAZI

Walirudi kwa warithi na kuwaonyesha boriti kwa tochi na msumari. Walionyesha jasi iliyopasuka. Hawakubishana kwa kelele. Walisema, "Bei yetu ni milioni 85, na sababu ni hizi." Baada ya mazungumzo walikubaliana milioni 88. Kwa hiyo faida waliyoitazamia ilishuka kutoka milioni 20 mpaka 17.

Walinunua mwezi wa Januari. Mtu angedhani wataanza kuvunja kesho yake. Hawakufanya hivyo, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kibali. Katika Mji Mkongwe huruhusiwi kubadili paa, dirisha, mlango au ukuta bila kibali cha Mamlaka. Unapeleka michoro. Wanakuja kutazama. Mlango wa kuchonga na roshani havitolewi vikauzwa. Ukiongeza ghorofa bila ruhusa unaweza kusimamishwa, na nyumba iliyosimamishwa hainunuliwi na mtu mwenye akili.

Sababu ya pili ni mvua. Masika huja kati ya Machi na Mei. Vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Paa la nyumba ya mawe lifunguliwe baada ya masika, na lifungwe kabla ya vuli. Ukilifungua mwezi wa Aprili, maji ya juma moja yanaweza kuharibu zaidi ya miaka kumi ya bati bovu.

Kwa hiyo tangu Januari mpaka Mei walifanya mambo ya chini chini. Walifunika paa kwa turubai. Waliweka nguzo za muda chini ya dari mbovu. Walizima chokaa na kuiacha shimoni. Waliagiza boriti, nao walidai karatasi za kibali cha kuzikata, kwa sababu mikoko haikatwi ovyo.

Juni waliufungua ukuta wenye tumbo, kipande kwa kipande, wakaujenga upya kwa mawe yake yale yale na chokaa. Julai na Agosti walimaliza paa na mifereji. Kisha walibadili boriti, chumba kimoja kwa wakati mmoja. Mzee alikataza kabisa kuondoa dari za vyumba viwili kwa pamoja, kwani dari ndiyo inayozishika kuta.

Hatari hii si ya hadithi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib pale Forodhani ilianguka wakati matengenezo yanaendelea. Watu wawili waliokuwa kazini walikufa. Lile lilikuwa jumba la Sultani lililojengwa mwaka 1883, tena lilikuwa na wataalamu. Basi katika nyumba yako ndogo usimruhusu mtu yeyote kulala au kufanya kazi chini ya dari isiyowekewa nguzo.

Vuli ilipokuja walikuwa ndani, wakipiga lipu, wakiweka nyaya na mabomba. Desemba walipaka chokaa nyeupe na kurudisha milango.

Je, zile milioni 18 za yasiyoonekana zilitumika? Zilitumika karibu zote. Shimo la choo cha zamani lilikutwa chini ya ukuta. Na jirani upande wa kaskazini ni gofu. Maji ya gofu lile yalikuwa yakiingia katika ukuta wao wa pamoja, ikabidi watengeneze mfereji hata upande usio wao. Ukinunua nyumba Mji Mkongwe umenunua na ukuta wa jirani, kwa hiyo mtazame na yeye.

PIMA TENA KABLA YA KUUZA

Bei uliyoiandika kabla ya kununua inaweza kubadilika mwaka ukipita. Mwaka 2020 wageni walikatika kwa ajili ya korona, na wenye nyumba waliotegemea wageni waliumia. Kwa hiyo mwezi wa Novemba dada mkubwa alirudia kazi yake ya kuuliza nyumba zilizouzwa. Alipata mbili mpya. Zilikaribia milioni 200 ile ile.

Lakini walijiuliza pia: ikiuzwa milioni 180 tu itakuwaje? Toa 88, toa 80, toa 15. Ni hasara ya milioni 3. Kwa hiyo waliamua mapema kwamba bei ikishuka hivyo hawatauza. Watapangisha na kungoja. Wangeweza kufanya hivyo kwa sababu fedha zao zilikuwa zao. Mtu aliyekopa benki hawezi kungoja, kwa kuwa riba inakula kila mwezi.

Nyumba ilikaa miezi sita bila mnunuzi. Hatimaye iliuzwa milioni 200. Walipata milioni 17, wakagawana watatu. Kila mmoja alipata karibu milioni 5 na laki 7, kwa mwaka mmoja na nusu. Hiyo ni kiasi cha laki 3 na kidogo kwa mwezi kwa kila mtu. Si utajiri. Dada alisema mwani usingempa hivyo. Kaka alisema gari lingempa zaidi.

Jambo moja lilisaidia sana siku ya kuuza. Mwalimu alikuwa amepiga picha ya kila ncha ya boriti mpya kabla haijafunikwa. Aliweka pia kibali cha Mamlaka, michoro, karatasi za boriti na stakabadhi zote katika jalada moja. Mnunuzi alikuja na fundi wake, naye fundi alikuwa na msumari mfukoni. Walifungua jalada, wakatazama picha, kisha wakapanda juu wakachoma boriti tatu karibu na ukuta. Msumari haukuingia.